Barua ya udhamini wa bonanza la mtaa

"Tuna bonanza la soka mtaani, timu 8. Tumepeleka barua maduka 12, wote wanasema 'tutawapigia'. Tunakosea wapi?"

Ndugu, nadhani barua yenu inaomba "mchango wowote". Mwenye duka akisoma hivyo hajui atoe nini, wala atapata nini, basi anaiweka chini ya kaunta. Mwombeni kila mmoja kitu kimoja kinachohesabika. Kwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa mfano, andikeni hivi:

"Tunaomba utudhamini seti moja ya jezi 16, au thamani yake kwa bei ya fundi tuliyoambatanisha. Jina la duka lako litachapwa kifuani, bango lako la mita 3 kwa 1 litakaa nyuma ya goli siku zote mbili, na mtangazaji atalitaja kila mapumziko. Hatutachukua duka jingine la vifaa vya ujenzi."

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito sana, kwa sababu hakuna anayependa kulipia bango litakaloning'inia kando ya la mshindani wake. Lakini mkiiandika, itimizeni.

Ambatanisheni utambulisho wa serikali ya mtaa wenye muhuri, maana matapeli wa michango ni wengi. Pelekeni wiki 6 kabla, mkononi mwa mwenye duka mwenyewe, si kijana wa mauzo. Wekeni tarehe ya mwisho ya kupokea nembo: ikichelewa, fundi huchapa jezi bila jina, na mdhamini anaweza kudai fedha yake.