Sura ya Pili ikigeuka orodha ya waandishi

Binti mmoja anayesoma uzamili hapa Dar aliniletea Sura ya Pili, yaani mapitio ya kazi tangulizi, ya tasnifu yake kuhusu pesa za simu kwa mama lishe wa Buguruni. Pembeni, msimamizi wake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Umeorodhesha, hujachambua." Binti alikuwa amenuna, maana kazi zote alikuwa amezisoma, na kwa makini.

Nilipopitia nikaona kila aya inaanza vilevile: Jack na Suri (2014) walichunguza, Suri na Jack (2016) walichunguza, Economides na Jeziorski (2017) walichunguza, Riley (2018) alichunguza. Muhtasari wa kila kazi ulikuwa sahihi. Nikamwambia abadilishe nafasi za aya ya kwanza na ya nne, kisha asome tena. Hakuna kilichoharibika. Mapitio ambayo aya zake zinaweza kuhamishwa hovyo bila msomaji kushtuka bado ni orodha, hata Kiswahili chake kiwe kizuri namna gani.

Usianze kwa kukata na kubandika kwenye faili lilelile. Tulichora jedwali kwenye karatasi: kila utafiti mstari wake, na juu ya safu tukaandika maswali. Watu wengi hukosea hapa kwa kuandika "lengo, mbinu, matokeo", na jedwali linawarudishia muhtasari uleule. Maswali yawe ya mada yako. Yetu yalikuwa: Pesa ya simu inamsaidia mtu kwa njia gani? Inamlinda na mtikisiko wa aina gani? Nani hafaidiki? Ushahidi umetokana na nini?

Kisha unasoma jedwali kwenda chini, si kwenda kando. Kwenye safu ya mtikisiko, Jack na Suri wanaonyesha kwamba kaya za Kenya zisizotumia M-Pesa hupunguza matumizi kwa karibu asilimia 7 zinapopata pigo la kipato, ilhali zinazotumia haziyumbi. Riley naye yuko Tanzania, na pigo lake ni mvua, linaloangukia kijiji kizima kwa wakati mmoja. Watumiaji wanahimili, ila majirani wasiotumia hawapati nafuu yoyote. Ukiziweka pamoja unapata jambo ambalo halionekani vizuri ukisoma kazi moja moja. Aya ya binti ikawa hivi:

"Pesa za simu hulinda matumizi ya kaya pigo linapotokea, liwe la kaya moja (Jack na Suri, 2014) au la kijiji kizima (Riley, 2018). Hata hivyo kinga hiyo humfuata mtumiaji, haisambai kwa jirani. Kijiji kizima kinapopigwa, majirani hawana cha kukopeshana, hivyo thamani ya huduma huenda iko katika kumfikia ndugu aliye mbali."

Sentensi ya kwanza inabeba hoja, na majina yamekwenda kwenye mabano. Sentensi ya mwisho ni tafsiri ya binti mwenyewe, ndiyo maana ina "huenda". Wasimamizi wanaitafuta sentensi ya namna hiyo, na wanafunzi wanaiogopa kwa sababu haina wa kumnukuu.

Kuna mtego mmoja ambao binti aliuingia mara moja. Aliweka vichwa vya habari vya mada, lakini chini ya kila kichwa waandishi wakarudi foleni, safari hii wakiunganishwa kwa "vilevile" na "kwa upande mwingine". "Kwa upande mwingine" haina kazi kama hukusema wanatofautiana katika nini na kwa sababu gani.

Tena usilazimishe ugomvi. Suri na Jack (2016) wanakadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na wanawake ndio walionufaika zaidi, baadhi wakihama kutoka kilimo kwenda biashara. Economides na Jeziorski walitumia kumbukumbu za miamala ya Tanzania, na wanaonyesha watu wakitumia simu pia kuhifadhi pesa na kukwepa hatari ya kutembea na fedha taslimu. Hawa hawapingani. Wa kwanza wanapima maisha ya kaya baada ya miaka, wa pili wanapima mwenendo wa miamala. Andika tofauti hiyo ya vipimo waziwazi. Usishangae pia utafiti mmoja ukitokea katika sehemu mbili. Riley alijibu maswali mawili, basi aonekane mara mbili, kila mahali kwa kipande kinachohusika tu.

Pengo la utafiti lilijitokeza kwenye jedwali lenyewe. Vipimo vilikuwa kaya, mtu au muamala. Hakuna kati ya kazi hizo nne iliyofuata mtaji wa biashara ndogo siku hadi siku, siku ambayo mama lishe anauguliwa na mtoto na pesa ya mchele iko kwenye simu. Binti akataka kuandika "hakuna utafiti uliowahi kufanyika". Tukaifuta, tukaandika "katika kazi zilizopitiwa hapa".