Barua ya kumwomba mpiga chapa asahihishe jina kwenye kiolezo cha cheti

Jina la mwanafunzi likikosewa huharibika cheti kimoja, lakini jina lililo kwenye kiolezo likikosewa huharibika vyeti vyote, kwa kuwa kila nakala hutoka humo. Nilikutana na jambo hili nilipopokea sampuli ya vyeti vya kuhitimu na kuona kwamba jina la mwalimu mkuu wetu, Zuhura, limeandikwa Zuhra.

Niliandika barua ya sentensi moja, nikiomba jina la mwalimu mkuu lisahihishwe kwa sababu limekosewa. Sampuli ya pili ilikuja na Zuhura chini ya mstari wa sahihi, ilhali katika maelezo ya katikati jina lilibaki Zuhra. Sikumlaumu mpiga chapa. Wapo wanaoitwa Zuhra na wapo wanaoitwa Zuhura, kwa hiyo hakuwa na la kumshtua, nami sikumweleza kwamba jina limetokea mahali pawili.

Barua yangu ya pili ilisema hivi:

"YAH: KUSAHIHISHA JINA KWENYE KIOLEZO CHA CHETI

Katika sampuli mliyotuletea, jina la mwalimu mkuu lilikosewa mahali pawili: mstari wa nne wa maelezo, na chini ya mstari wa sahihi, upande wa kulia. Pa pili mmekwisha kuparekebisha. Pa kwanza bado. Lililochapwa ni ZUHRA. Lililo sahihi ni ZUHURA, herufi sita: Z-U-H-U-R-A. Maneno mengine yote yabaki yalivyo. Tunaomba pia mrekebishe faili la awali, na msichape nakala yoyote mpaka tuipitie sampuli mpya na kuitia sahihi."

Nimeambatanisha pia sampuli yenye kosa, nikiwa nimezungushia jina kwa kalamu nyekundu. Herufi nilizitaja moja moja kwa sababu irabu ya katikati humezwa kwa urahisi katika matamshi, na ndiyo maana sishauri marekebisho ya jina yatolewe kwa simu. Ombi la kurekebisha faili la awali ni la lazima, kwani akirekebisha nakala ya kuchapia peke yake, kosa litarudi mtakapoagiza vyeti vingine.

Sampuli mpya ikifika, usiangalie tahajia tu. Huenda maandishi ya faili yaligeuzwa kuwa michoro, na hapo mpiga chapa hulazimika kupachika herufi badala ya kuichapa; utaitambua kwa unene wake au nafasi isiyolingana na za jirani zake. Angalia vilevile kama jina, kwa kuwa limerefuka, bado limekaa katikati ya mstari wa sahihi.

Kama uliwahi kuitia sahihi sampuli yenye kosa, likiri hilo katika barua na uulize gharama ya kuchapa upya, kwa maana sahihi yako ndiyo iliyomruhusu kuendelea. Mimi nilikuwa bado sijasaini, na sampuli ya tatu nilimpa kwanza mwalimu mkuu mwenyewe alisome jina lake.