Dawa zinazopotosha uwiano wa aldosteroni kwa renini

*"Nina mgonjwa wa miaka 44, presha 168/102, potasiamu 3.2. Anatumia losartani, hidroklorothiazidi na atenololi. Nataka kumpima uwiano wa aldosteroni kwa renini. Je, nisimamishe dawa zote kwanza?"*

Ndugu daktari, usisimamishe kitu kabla ya kujua kila dawa inaisukuma renini upande gani, kwa sababu uwiano huu, unaotumika kutafuta tezi za adrenali zinazotoa aldosteroni kupita kiasi, ni mgawanyo wa namba mbili, na dawa nyingi za presha huichezea zaidi ile ya chini, yaani renini. Losartani na hidroklorothiazidi huipandisha, hivyo uwiano hushuka na mgonjwa wa kweli huonekana mzima. Atenololi huishusha, na uwiano hupanda hata kwa asiye na ugonjwa. Metildopa, klonidini na dawa za maumivu kama diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa wako amebeba pande zote mbili kwa pamoja, na huwezi kudhani kwamba zinafutana.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa la upande wa kwanza. Mwanamume wa miaka 52 aliyekuwa akitumia losartani miligramu 100, hidroklorothiazidi 25 na amlodipini 10, potasiamu ikiwa 3.1, nilimpima bila maandalizi yoyote. Aldosteroni ilikuwa nanogramu 14 kwa desilita, na utendaji wa renini nanogramu 1.4 kwa mililita kwa saa. Uwiano ukawa 10, nami nikaandika kwamba hana tatizo la tezi za adrenali. Zaidi ya dawa, potasiamu iliyoshuka ilikuwa imeizuia tezi kutoa aldosteroni yote ambayo ingetoa, na sampuli ilisafirishwa kwenye barafu, jambo ambalo tulidhani ni uangalifu kumbe baridi hugeuza prorenini kuwa renini ndani ya chupa. Siwezi kugawa lawama kati ya hayo matatu.

Potasiamu yake iliposhuka tena baada ya miezi kadhaa, nilianza upya. Kwanza nilimpa vidonge vya kloridi ya potasiamu hadi ikafika 4.2, na nikamwambia asipunguze chumvi katika chakula, kwani kujinyima chumvi nako huipandisha renini. Hidroklorothiazidi niliisimamisha kwa wiki nne, losartani na amlodipini kwa wiki mbili. Badala yake alipata verapamili ya kutolewa polepole, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na doksazosini usiku, dawa ambazo haziugusi sana uwiano huu. Alikuja kupimwa presha kila baada ya siku mbili. Damu ilitolewa saa nne asubuhi, akiwa ameamka na kutembea zaidi ya saa mbili, kisha ameketi dakika kumi. Hakukunja ngumi, mpira wa mkononi ulifunguliwa mapema, na sampuli ilikaa kwenye joto la kawaida la chumba hadi ikafika maabara. Safari hii aldosteroni ilikuwa 26 na renini 0.4, uwiano 65. Kwa vipimo hivyo wengi huanza kushuku uwiano unapozidi 30, mradi aldosteroni yenyewe isiwe ndogo.

Sharti hilo la mwisho ndilo litakalokulinda na atenololi. Renini ikishuka hadi 0.2, aldosteroni ya 8 tu inatosha kutoa uwiano wa 40, na hiyo si dalili ya uvimbe wa tezi ya adrenali, ni hesabu tu ya kugawa kwa namba ndogo. Atenololi basi iondoe, lakini kwa kuipunguza taratibu, na usimwanzishie verapamili kabla haijaisha mwilini, maana zikikutana moyo unaweza kupiga polepole mno. Mwenye moyo ulioshindwa kazi verapamili haimfai kabisa.

Kwa mgonjwa wako, mimi ningerekebisha potasiamu, ningeitoa atenololi, kisha ningempima mara ya kwanza akiwa bado na losartani na hidroklorothiazidi. Dawa hizo mbili zinapaswa kuipandisha renini. Ikiwa pamoja nazo bado imelala chini na aldosteroni iko juu, jibu hilo ni la kuaminika kuliko hata lile la mtu asiyetumia dawa, na umemwepusha na wiki nne za hatari. Renini ikiwa juu au katikati, hapo jibu halina maana, na ndipo unapozisimamisha na kurudia. Spironolaktoni ina kanuni yake: kwa kawaida isimamishwe wiki nne au zaidi. Muulize pia kuhusu vidonge vya maumivu anavyojinunulia dukani, kwa jina la kila kimoja, kwa sababu wagonjwa wengi hawavihesabu kuwa dawa.