Nani anatafuta "makazi ya kupangisha"?

Naandika blogu ya vyumba na nyumba za kupanga hapa Dodoma. Makala ya kwanza niliipa kichwa "Makazi ya Kupangisha Jijini Dodoma", Kiswahili kilichopigwa pasi. Wiki sita zikapita, msomaji ni mimi na mdogo wangu, naye nilimlazimisha.

Jumamosi moja nikaenda kukaa na dalali mmoja kule Nkuhungu, daftari mkononi. Simu ikaita, akaipokea: "Dada, unataka masta, au chumba na sebule? Umeme wa kujitegemea upo, maji ndani." Kwa saa mbili sikusikia neno "makazi" hata mara moja. Wateja walikuwa wanaulizia masta, yaani chumba chenye choo chake ndani. Wengine walisema "self".

Jioni nikayaandika maneno yale moja moja kwenye Google, kwa dirisha la faragha ili historia yangu isiingilie. Usibonyeze kutafuta. Andika "chumba cha" kisha usubiri uone inakukamilishia nini, halafu ongeza herufi moja, usubiri tena. Yale mapendekezo yanatokana na utafutaji wa watu halisi, ingawa mahali ulipo nako kunayabadilisha. Andika "masta", kisha "master", maana wengi hutamka Kiswahili lakini vidole vinaandika Kiingereza.

Kilichonifumbua macho zaidi ni kiambishi kimoja tu. Mpangaji anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Matangazo ya madalali yamejaa "nyumba ya kupangisha", kwa hiyo wapo wapangaji wanaoiga. Lakini nilipofungua Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti watu walitafuta maneno gani hadi wakaiona, sehemu ya Performance, maneno yenye "kupangisha" yaliyokuwa yakinileta mbele ya watu mengi yalikuwa ya "mkataba wa kupangisha nyumba". Hao ni wenye nyumba wanaotaka karatasi ya kusainiwa, mimi nawapa orodha ya vyumba! Dalili yake ni hii: umeonyeshwa mara nyingi, nafasi si mbaya, na hakuna anayebofya. Hapo usihangaike kupamba kichwa cha habari, jua umekutana na mtu mwenye haja nyingine. Nikaandika ukurasa wa pili wa mkataba, na ule wa kwanza nikaubadilisha uwe "Vyumba vya kupanga Dodoma: masta, single, chumba na sebule".

(Mkenya, kwa upande wake, anaweza kuandika "nyumba ya kukodisha" au "bedsitter". Huku kwetu tunakodi gari na ukumbi, nyumba tunapanga. Sikuyaingiza maneno yake, kwani hatahamia Dodoma kwa ajili ya blogu yangu.)

Majina ya mitaa ndiyo kazi yenyewe. Karibu na UDOM kuna Ng'hong'onha, na wanafunzi wanaitafuta sana. Kigogo kina sauti zake, na alama ya ng' kwenye simu nyingi imejificha ukurasa wa pili wa kibodi, kwa hiyo watu huandika "nghonghona", "ng'ong'ona", "nghong'onha", kila mtu na lake. Search Console inahesabu kila tahajia kama neno tofauti, na ukizitazama moja moja kila moja inaonekana haina watu. Nenda kwenye kichujio cha Query, chagua Custom (regex), ubandike hii:

```
ng.?h?ong.?h?on?h?a
```

Alama ya kuuliza maana yake "kilicho kabla yangu kinaweza kuwepo au kisiwepo", na nukta ni herufi au alama yoyote. Zote zikaja pamoja, na mtaa niliokuwa nimeupuuza ukapanda juu ya Area C. Google Trends nayo haikuunganishii tahajia, unaziunganisha mwenyewe kwa alama ya +, ila kwa mtaa mmoja data huwa kidogo mno, mara nyingi unaambulia ukurasa mtupu.

Usitengeneze ukurasa kwa kila tahajia. Nilifanya hivyo, kurasa zangu tatu zikaanza kugombania nafasi moja. Sasa nina ukurasa mmoja: kichwa kina tahajia inayotafutwa zaidi, na ndani, sentensi moja inasema wengine huandika Ng'ong'ona au Nghonghona.

Jina lililonishinda ni Kisasa. Ni mtaa mzuri, una nyumba nyingi za kupanga, lakini "nyumba za kisasa" Tanzania nzima ni ramani, madirisha ya alumini na rangi za ukuta. Nimebaki na "chumba cha kupanga Kisasa Dodoma", maneno marefu yenye watafutaji wachache. Hata hivyo, juzi mtu wa Mwanza kanitumia ujumbe WhatsApp, anataka ramani ya vyumba vitatu, na kama ninayo ya ghorofa nimtumie pia.