Kubeba bei ya wiki iliyopita: maneno kwa wanaoanza kuandaa taarifa za masoko

Wadogo zangu mliojiunga nasi msimu huu, nimepitia skripti zenu za bei za mahindi na nimekuta, kwa mara nyingine, mstari mmoja wa `ffill()`, ule unaobeba bei ya mwisho hadi wiki isiyo na bei, umewekwa pale ambapo soko halikuleta fomu, kisha kazi ikaendelea kama kwamba hakuna kilichopungua. Sina ugomvi na kubeba bei ya mwisho iliyo nzuri. Wakusanyaji hukosa mtandao, barabara hukatika mvua zikizidi, na taarifa ya Ijumaa haiwezi kumsubiri kila mtu. Ugomvi wangu ni kwamba baada ya mstari ule hakuna awezaye kutofautisha bei iliyoulizwa sokoni wiki hii na ile iliyokaa kwenye jedwali tangu mwezi uliopita.

1. Andaeni kwanza kalenda kamili, yaani mstari mmoja kwa kila soko na kila wiki, hata kama fomu haikufika. `ffill(limit=3)` huhesabu mistari, haihesabu wiki. Ikiwa wiki mbili hazina mistari kabisa, kikomo chenu kitadhani hazikuwahi kupita. Bebeni pia ndani ya kila soko, kwa `groupby`, la sivyo soko la kwanza kwenye orodha litalirithisha bei soko linalofuata, nalo halitalalamika.

2. Neno “nzuri” lina masharti. Bei ya mwisho inayofaa kubebwa ni ile iliyopita ukaguzi, si ile iliyojazwa tu. Mkusanyaji akiandika 0 kwa sababu mahindi hayakuwapo sokoni, au 420 badala ya 4,200, mkiibeba mtakuwa mmelizidisha kosa la siku moja kuwa la wiki kadhaa.

3. Alama ya bei iliyobebwa iwe na safu yake. Msiandike `4200*`, kwa sababu safu nzima itageuka maandishi na wastani utakataa kukokotolewa. Wala msipake seli rangi ya njano, kwa kuwa faili ya CSV haihifadhi rangi. Mimi huweka safu tatu kando ya bei: hali yake, wiki ambayo bei hiyo iliulizwa kweli, na umri wake kwa wiki. Ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, na hapa sina budi kuwasimulia kwa nini.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, katika ofisi nisiyoitaja, niliandika utaratibu uliokuwa na alama na kikomo, nami nikajiona nimemaliza. Kikomo kilikuwa wiki tatu: bei ikizeeka zaidi ya hapo, soko liandikwe kuwa halina bei. Kasoro ilikuwa katika mahali nilipoitoa hiyo bei ya mwisho. Badala ya kurudi kwenye fomu ghafi, skripti yangu ilifungua jedwali tulilochapisha wiki iliyotangulia, ikachukua bei iliyomo na kuipa umri wa wiki moja. Wiki iliyofuata ikafungua jedwali hilo jipya, ambalo lilikuwa na bei iliyobebwa tayari, ikaichukua tena na kuipa umri wa wiki moja. Kila Ijumaa bei ile ilizaliwa upya, na kikomo changu cha wiki tatu hakikufikiwa kamwe.

Ilikuwa kipindi kile kigumu kabla ya mavuno, ghala zinapopungukiwa na bei za gunia zinapopanda karibu kila mahali. Soko moja lilikuwa limeacha kuleta fomu, nalo katika taarifa zetu lilibaki shilingi 4,200 kwa gunia la kilo 90, limetulia kuliko masoko yote. Mbaya zaidi, katika maelezo niliandika kwa mkono wangu kwamba bei za huko “zimeendelea kuwa tulivu”. Msafirishaji mmoja wa nafaka aliyekuwa akisoma taarifa hizo alitupigia simu na kuuliza kwa upole ni duka gani hilo, maana alikuwa tayari kupeleka malori siku hiyo hiyo. Nilicheka naye, nikakata simu, kisha nikafungua fomu ghafi na kicheko kikaisha.

Fomu zilipoanza tena kufika, madhara yalizidi. Tuseme masoko ni manne: matatu yana bei mpya za 5,000, 5,200 na 5,400, na la nne limebebwa kwa 4,200. Wastani ni 4,950, ilhali wastani wa yale matatu yaliyoulizwa ni 5,200. Wiki inayofuata matatu hayo hayabadiliki, na la nne linaleta bei yake halisi, 5,400. Wastani unaruka hadi 5,250, na taarifa inatangaza ongezeko la shilingi 300 katika wiki ambayo hakuna soko lililothibitishwa kupanda. Soko la nne lenyewe linaonekana limepanda kwa karibu asilimia 29 kwa siku saba, na watu wanaanza kuwatafuta walanguzi, wakati ambapo ongezeko hilo lilijilimbikiza taratibu wiki zote tulizokuwa tumefumba macho. Tangu hapo mabadiliko ya wiki huyakokotoa kwa masoko yenye bei halisi katika wiki zote mbili tu; katika mfano huu jibu ni sifuri.

Dawa ya kosa langu ni fupi. Kila mara anzeni kwenye data ghafi, na mbebe tarehe pamoja na bei:

```python
df = df.sort_values(["soko", "wiki"])
nzuri = df["bei_ghafi"].where(df["imepita"])
df["bei"] = nzuri.groupby(df["soko"]).ffill()
w = df["wiki"].where(nzuri.notna())
df["wiki_ya_bei"] = w.groupby(df["soko"]).ffill()
df["umri"] = (df["wiki"] - df["wiki_ya_bei"]).dt.days // 7
df["bei"] = df["bei"].where(df["umri"] <= 3)
```

Hapa `wiki` ni tarehe ya Jumatatu, na `imepita` ni matokeo ya ukaguzi. Umri wa 0 ni bei halisi, 1 hadi 3 ni iliyobebwa, na zaidi ya hapo bei haipo. Hizo tatu si sheria ya dunia. Kwa nyanya, ambazo bei yake hugeuka kati ya soko la Jumanne na la Ijumaa, hata moja ni nyingi.

4. Fomu iliyochelewa iandikwe kwenye wiki yake, si kwenye wiki iliyopokelewa, kisha utaratibu wote uendeshwe upya. Nakala iliyochapishwa msiifute.

5. Msibebe kiasi kinachojumlishwa. Bei na akiba iliyoko ghalani ni hali ya wakati fulani, kwa hiyo zinaweza kuvumilia kidogo. Magunia yaliyouzwa au mvua iliyonyesha wiki iliyopita haviwezi kutokea tena kwa sababu tu fomu haikuja. Mwenzenu mmoja alibeba milimita za mvua, tukapata gharika katika mwezi wa kiangazi.

6. Kuna bei ambayo kuiendeleza si kukisia. Nchini Kenya mamlaka ya EPRA hutangaza bei za juu za petroli tarehe 14 ya mwezi, nazo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Bei hiyo tarehe 2 haijabebwa. Ingali inatumika, na ipewe alama yake tofauti. Ila ikifika tarehe 15 na tangazo jipya halijaingia kwenye mfumo wenu, alama ibadilike siku hiyo hiyo, wala msisubiri kikomo cha wiki tatu.