Kaachama, lakini si kwa ajili yako

Swali la wiki: "Kwa nini mamba hulala ukingoni akiwa ameachama kwa saa nyingi?"

Mhariri, kinachoniudhi ni lile jibu la kila siku, kwamba anategea ndege. Mamba huwinda majini kwa kujificha, macho na pua tu vikiwa juu. Ukimwona kaachama peupe, hayuko kazini. Hata hadithi ya ndege anayemlia ruba kinywani ni ya Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na bado tunairudia kama tuliishuhudia jana.

Mimi nilishinda mtumbwini na mjomba siku moja, tukimtazama mamba mmoja ng'ambo ya mto. Alitoka majini jua likichomoza, kafumba kinywa kabisa, akajilaza ubavu ukielekea jua. Saa tatu akaanza kuachama kidogo. Kufikia saa nne taya zote wazi, nyama ya ndani ikimeta kwa unyevu. Mbwa angetweta, huyu kimya, hata tumbo halikuonekana kwenda mbio.

"Kafungua dirisha," mjomba akasema, "lakini mlango kaufunga. Tazama nyuma ya ulimi." Kweli, koo lilikuwa limezibwa na kile kikunjo kinachomwezesha kushika windo chini ya maji bila kuyameza.

Dirisha lenyewe lina maana. Ngozi ile ya magamba haimpozi kwa jasho, ila unyevu wa kinywani ukikauka huondoka na joto. Na kichwa, kwa udogo wake, hupata moto upesi kuliko kiwiliwili. Kiwiliwili bado kinalihitaji jua, maana bila joto chakula hakisagiki vizuri tumboni. Basi mamba huota jua mwilini huku akikichelewesha kichwa kisipate moto. Karibu na adhuhuri dirisha halikutosha tena, akarudi majini.

Nilipoanza barua hii nilitaka kuishia hapo: ni joto, basi. Lakini alasiri ile ilinyesha manyunyu, na mamba mwingine akapanda ukingoni akaachama vilevile, maji yakimdondokea ulimini. Mjomba akacheka, "Na huyu naye anaona joto?" Wapo pia wanaoonekana wameachama usiku. Kwa hiyo naregeza: penye jua kali, joto ni sababu kubwa, penye mvua, sithubutu kulishikilia.

Ila kuachama kwa kutisha ni kitu kingine kabisa. Hapo mamba hukugeukia, huinua mwili, hutoa sauti ya mfoko kama nyoka. Yule wa manyunyu hakufanya lolote kati ya hayo. Hata hivyo, mjomba aliposogeza kasia tu, taya zilifumbwa na mamba akawa majini kabla sijageuza shingo, nasi tukapiga makasia bila kuulizana tena habari za joto.