Mahudhurio kwa sura: mtoto ambaye mzazi wake amekataa ataandikwa kwa jina la mwenzake

*"Wakuu, nipo Arusha. Shule binafsi ya wanafunzi 640 inataka mahudhurio kwa sura, kamera moja getini, kila kitu kikae kwenye kompyuta ya shule na si mtandaoni. Nimeshajaribu face_recognition ya Python na inafanya kazi. Wazazi watakaokataa sitawaandikisha watoto wao. Naomba ushauri wa kamera, kompyuta, kizingiti, na fomu ya wazazi. Bodi inataka ianze muhula ujao."*

Mkuu, simama kwanza hapo uliposema "sitawaandikisha watoto wao". Sentensi hiyo hiyo niliambiwa na mtu aliyetuuzia mfumo kwa ajili ya shule moja ya Moshi, nikaipokea, nikaifunga kamera getini. Yaliyofuata ndiyo yananifanya niandike haya yote usiku huu.

Mtoto uliyemwacha nje ya kumbukumbu bado anapita getini kila asubuhi. Kamera haijui kwamba mama yake amekataa. Inamwona, inapima sura yake, inapata namba 128, kisha inazilinganisha na za watoto wote walioandikishwa na kumchukua anayemkaribia zaidi. Umbali ukiwa chini ya kizingiti, inaandika jina. Kwa mtoto aliyeandikishwa, mara nyingi wa karibu zaidi ni yeye mwenyewe. Kwa yule ambaye mzazi wake amekataa, yeye mwenyewe hayumo, kwa hiyo jina lolote litakalotoka ni la mtoto mwingine. Na huyo mwingine akiwa hayupo siku hiyo, daftari litasema amefika.

Kwetu ilitokea hivi. Mfumo ulikuwa unatuma meseji kwa mzazi mara tu jina linapoandikwa. Mama mmoja amekaa kitandani na binti yake mgonjwa, simu ikaita: "Mwanao amefika shuleni saa 1:04 asubuhi." Hakupiga simu. Alikuja. Aliniwekea simu mezani mbele ya mwalimu mkuu akauliza, "Huyo aliyefika ni nani?" Tukarudi kwenye rekodi za kompyuta, tukakuta ni binti wa mkondo mwingine, mdogo kwa umri, ambaye mzazi wake alikuwa amejaza fomu na kukataa kabisa. Maana yake tulikuwa na makosa mawili juu ya jina moja. Mzazi wa kwanza alidanganywa kuhusu mtoto wake, na mzazi wa pili, aliyetukataza, sura ya mwanawe tulikuwa tunaipima kila asubuhi. Ilibidi aitwe aambiwe. Sijawahi kuona mtu akinyamaza vile.

Fikiria mtoto ambaye si mgonjwa kitandani bali hajafika kabisa. Ameishia stendi, au kuna mtu kamchukua njiani. Mzazi ana meseji mkononi inayosema mtoto yuko darasani, kwa hiyo hamtafuti mpaka jioni. Mfumo unaposhindwa kumtambua mtoto, mwalimu anamwandika kwa mkono na hasara ni dakika moja. Unapomfananisha na mwingine, unaficha utoro au hatari. Haya mawili hayalingani uzito hata kidogo, na muuzaji wetu aliyahesabu kwa pamoja ndani ya ile "asilimia 99" yake.

Ngoja niiseme hiyo asilimia, maana najua nawe umeisoma. Maktaba uliyopakua inajitangaza kwa 99.38%, na namba hiyo ni ya kweli, ila ilipatikana kwenye Labeled Faces in the Wild, yaani jozi za picha za watu maarufu kutoka kwenye habari, wengi wao watu wazima, swali likiwa "hawa wawili ni mtu mmoja au la?" Hakuna geti hapo wala watoto 640. Na waandishi wenyewe wa maktaba hawakuficha: kwenye README yao wameandika kwamba modeli yao ilifunzwa kwa watu wazima, haifanyi vizuri kwa watoto, na huwachanganya kirahisi kwa kizingiti cha kawaida cha 0.6. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilipopima programu nyingi za aina hii na kutoa ripoti Desemba 2019, ilikuta kufananisha kimakosa kunaongezeka kwa watoto na kwa watu wenye asili ya Afrika Mashariki na Magharibi kwenye programu nyingi. Wewe una watoto, na ni wa Arusha. Aliyetuuzia alikuwa na haya yote kwenye ukurasa mmoja aliopaswa kuusoma kabla ya kuchukua pesa za shule, na akasimama mbele ya wazazi akasema waliokataa "hawahusiki". Hilo sijamsamehe.

Sasa hesabu. Tuseme umebana kizingiti vizuri mpaka watoto wawili tofauti wanafananishwa mara moja tu katika ulinganisho 1,000. Mtoto asiyeandikishwa akilinganishwa na 640, uwezekano wa kupewa angalau jina moja la mwenzake ni 1 − 0.999^640, yaani kama 47%. Ukiwa na watoto 30 ambao wazazi wao wamekataa, kila asubuhi unatarajia kama 14 kati yao wapewe majina ya wengine. Ukihamishia kamera darasani na kulinganisha na watoto 40 tu, inashuka hadi kama 4%, mtoto mmoja hivi kwa siku. Hesabu hii inachukulia kila jozi inajitegemea. Getini haiko hivyo: ndugu wa tumbo moja wanarudiarudia kufananishwa na wengine hawafananishwi kamwe. Lakini ukubwa wa tatizo ndio huo.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaki uijadili na bodi, itekeleze: namba kwanza, kamera baadaye. Mtoto ana kadi yenye msimbo wa namba yake ya usajili. Anaiskani. Kompyuta inaangalia kama namba hiyo ina ridhaa. Kama haina, kamera haifunguki kabisa, taa inawaka, mtoto anapita na mwalimu wa zamu anamwandika kwa kumwona. Kama ina ridhaa, kamera inafunguka kwa sekunde chache na sura inalinganishwa na sampuli za mtoto huyo mmoja peke yake:

```python
if not ridhaa.get(namba, False):
    mwandike_kwa_mkono(namba)
else:
    sura = piga_na_pima()          # kamera inafunguka hapa tu
    umbali = face_recognition.face_distance(sampuli[namba], sura)
    if umbali.min() <= KIZINGITI:
        andika_amefika(namba, umbali.min())
    else:
        mwandike_kwa_mkono(namba)
```

Angalia kilichobadilika. Ile 47% haipo tena, kwa sababu mtoto asiye na ridhaa halinganishwi na mtu. Anayebeba kadi ya rafiki yake aliyetoroka analinganishwa mara moja tu, na uwezekano wa kupita ni ule ule wa 1 katika 1,000, isipokuwa akiwa ndugu. Na `umbali` unahifadhiwa pamoja na jina, ili mzazi akija kuuliza uweze kumwonyesha kama ulinganisho ule ulikuwa wa nguvu au wa kubahatisha. Sisi hatukuwa tumeuhifadhi.

Kizingiti usikiokote mtandaoni. Kitafute kwa watoto wako waliokubali. Wakubali wote 640 na una jozi 204,480 za watoto tofauti. Zipime zote, zipange kuanzia umbali mdogo. Ukitaka kosa moja katika 1,000, kizingiti ni pale jozi ya 204 au 205 inapoangukia. Kisha pima picha za mtoto yule yule za siku tofauti, moja ya Januari na nyingine ya Julai ya ukungu na kofia, uone wangapi kizingiti hicho kinawakataa. Ukiona kinawakataa wengi, kubali foleni ya mwalimu wa zamu iongezeke, usikilegeze. Hizo jozi za juu kabisa kwenye orodha zisome kwa majina. Utakutana na pacha na ndugu, na hao waandikwe kwa mkono daima hata kama wazazi wamekubali.

Meseji kwa mzazi isitoke getini. Itoke baada ya mwalimu wa darasa kuhesabu vichwa na kufunga daftari. Taarifa ya geti ni pendekezo tu, mwalimu ndiye anayeithibitisha.

Fomu: usiifiche ndani ya fomu ya kujiunga na shule. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, taarifa za watoto na za kibayometriki zote ni taarifa nyeti, na zinahitaji ridhaa ya maandishi. Ridhaa hiyo haina maana kama anayekataa anaadhibiwa. Sweden mwaka 2019 manispaa ya Skellefteå ilitozwa faini ya krona 200,000 kwa jambo hili hili, kuandika mahudhurio ya wanafunzi kwa sura, japo wazazi walikuwa wamekubali, kwa hoja kwamba mwanafunzi hana uhuru wa kweli mbele ya shule yake. Kwa hiyo kwenye fomu andika waziwazi kwamba anayekataa anatumia geti lile lile, foleni ile ile, kadi ile ile. Kwa mfumo wa kadi unaweza kuiandika sentensi hiyo bila kudanganya. Kwa mfumo unaotaka wewe sasa hivi, huwezi.

Kukaa na data shuleni ni sawa, ila usidhani umemaliza. Sampuli moja ni namba 128 za baiti 8, yaani kilobaiti moja. Watoto 640 kwa sampuli tano kila mmoja ni kama megabaiti tatu. Sura za shule nzima zinaingia kwenye flashi ya mfukoni na nafasi inabaki. Diski ifungwe kwa usimbaji, picha za kuandikishia zifutwe ukishapata sampuli, na mzazi akibadili mawazo ufute hadi kwenye nakala za akiba.

Kabla ya kikao cha bodi fanya jaribio hili, halihitaji hata kumsimamisha mtoto. Ondoa kwenye kumbukumbu sampuli za watoto 30 ambao wazazi wao wamekubali, kisha wapitishe kwa picha zao kwenye huo mfumo wako wa sasa wa kutafuta shule nzima, kwa 0.6 uliyoikuta. Kila atakayepewa jina ni kosa, kwa sababu jina lake halimo. Hesabu wamepewa wangapi, uje uandike namba hiyo hapa.